Kununua hisa kwa mkopo wa dalali: ijue bei ya mwito kabla hujabonyeza

Umeingiza dola 4,000 kwenye akaunti ya hisa kwa dalali wa Marekani, na simu inakuonyesha kwamba unaweza kununua hisa za dola 8,000. Pale palipoandikwa `Buying Power` pesa imejizidisha mara mbili. Hizo 4,000 za ziada ni mkopo ambao dalali ameshakuandalia, na utaanza kudaiwa mara tu utakaponunua hisa zinazozidi pesa yako. Hakuna fomu nyingine ya kujaza wala mdhamini wa kutafuta, kwa sababu fomu uliijaza siku uliyofungua akaunti ya aina ya `Margin` badala ya `Cash`.

Mwongozo huu unafuata mfano mmoja kutoka ununuzi hadi mwito wa dhamana, yaani pale dalali anapokwambia uongeze pesa au anapouza hisa zako. Tumchukue kijana wa Wete anayefanya kazi hotelini Nungwi, sehemu ya kipato chake ni dola, na amejiwekea dola 4,000. Hisa anayoitaka inauzwa dola 40. Kanuni tutakazotumia ni za Marekani, kwani ndizo zinazotawala akaunti za namna hii na zimeandikwa wazi. Nchi nyingine hesabu ni ile ile, asilimia tu ndizo zinazobadilika.

Ulichokubali uliposaini

Makubaliano ya akaunti ya `Margin` ni marefu na hakuna anayeyasoma yote. Yapo mambo matatu ya kuyatafuta humo kabla ya kukopa hata dola moja.

La kwanza, hisa zote zilizomo kwenye akaunti ni rehani ya mkopo. Ukiwa na hisa za zamani ulizolipia kwa pesa yako mwenyewe, nazo zimo. Mwenye kupeleka bangili kwa mkopeshaji huchagua bangili ipi. Hapa umepeleka kabati zima. La pili, dalali anaweza kuziuza bila kukuarifu, na ni yeye anayechagua aanze na ipi. Ujumbe wa onyo ni hisani yake, si haki yako. Baadhi ya madalali wakubwa wa mtandaoni hawatumi onyo lolote la kungoja jibu: mashine inauza papo hapo, kisha unaletewa taarifa ya kilichouzwa. La tatu, anaweza kubadilisha masharti yake siku yoyote, hata kwa hisa ulizokwisha kununua. Hili la tatu ndilo linalowashangaza wengi, na tutalirudia.

Ununuzi wenyewe

Kijana wetu anabonyeza: hisa 200 kwa dola 40, jumla dola 8,000. Zake 4,000, za dalali 4,000. Kuanzia hapo ana nambari tatu za kuzifuata, na zote zimo kwenye ukurasa wa akaunti:

Thamani ya hisa ni 8,000. Hii hupanda na kushuka kila dakika soko likiwa wazi.

Mkopo ni 4,000. Huu haushuki bei ikishuka. Unapungua ukilipa tu, na usipolipa riba unaongezeka.

Chako halisi ni thamani ukitoa mkopo, yaani 8,000 − 4,000 = 4,000. Ukikigawa kwa thamani ya hisa unapata asilimia, hapa 50%.

Hiyo asilimia ndiyo anayoitazama dalali. Hajali umefurahi au umehuzunika, hajali kampuni ni nzuri au mbaya. Anajali kama rehani bado inaubeba mkopo.

Faida inavyokuja ni rahisi kuiona. Bei ikifika dola 50, hisa 200 zina thamani ya 10,000. Toa mkopo 4,000, chake ni 6,000. Hisa imepanda 25%, pesa yake imepanda 50%. Upande wa pili ni kipimo kile kile: bei ikishuka 10% tu, ikawa 36, thamani ni 7,200 na chake ni 3,200. Hisa imepoteza sehemu moja ya kumi, yeye amepoteza sehemu moja ya tano. Mpaka hapa hakuna ajabu, na wengi wanaokopa wanajua hivyo. Wasichokijua ni kwamba kuna bei maalumu ambayo chini yake si wao tena wanaoamua.

Vima viwili

Kima cha kuanzia ni 50%. Benki Kuu ya Marekani ndiyo iliyokiweka, na hakijabadilika tangu 1974. Maana yake ni kwamba hisa za kawaida unazinunua nusu kwa chako, nusu kwa mkopo, huwezi kuzidisha. Mamlaka hayo benki ilipewa na sheria ya 1934, iliyotungwa baada ya soko la New York kuanguka 1929. Kabla ya anguko hilo watu walikuwa wakinunua hisa kwa kutoa 10% tu mkononi, na bei zilipoanza kushuka, mauzo ya lazima yaliziangusha zaidi.

Kima cha kubakia ni kile ambacho asilimia yako haitakiwi kushuka chini yake baada ya kununua. Cha kisheria, kinachosimamiwa na FINRA, chombo kinachowasimamia madalali wa Marekani, ni 25%. Hicho ni cha chini kabisa, na madalali wengi wanaweka chao cha juu zaidi: 30%, 35%, 40%, na kwa hisa zinazoyumbayumba hata 100%, yaani hisa hiyo haikopeshewi kabisa. Kwenye akaunti yako usitazame kima cha kisheria. Fungua ukurasa wa hisa husika, tafuta `Maintenance Requirement`, uandike nambari unayoiona. Kwa mfano wetu ni 30%.

Bei ya mwito

Sasa hesabu inayostahili kufanywa kabla ya kununua. Swali ni hili: hisa ikishuka mpaka bei gani, chako kitakuwa 30% kamili ya thamani? Chako kikiwa 30%, mkopo utakuwa 70% ya thamani. Kwa hiyo unagawa mkopo kwa 0.7 upate thamani, kisha unagawa kwa idadi ya hisa upate bei:

```
bei ya mwito = mkopo / (idadi ya hisa * (1 - kima))
             = 4000 / (200 * 0.70)
             = 28.57
```

Ukitaka kuiweka kwenye jedwali la simu au kompyuta, andika mkopo kwenye seli B1, idadi ya hisa B2, kima B3 kwa desimali kama 0.30, kisha seli yoyote tupu andika:

```
=B1/(B2*(1-B3))
```

Kijana wetu amenunua kwa 40, na mstari wake uko 28.57. Hisa ikishuka chini kidogo ya asilimia 29, mwito unakuja. Je, hisa moja moja hushuka kiasi hicho? Hushuka, na kwa kampuni nyingi si tukio la nadra hata kidogo. Ripoti moja mbaya ya robo mwaka inaweza kuifanya kazi hiyo kwa usiku mmoja.

Iandike bei hiyo mahali unapoiona. Wengi wanaweka onyo la simu kwenye bei ya mwito yenyewe, hapo umechelewa. Liweke juu zaidi, tuseme dola 33, ili ubaki na siku za kufikiri.

Mwito umekuja: njia tatu na gharama zake

Hisa imeshuka taratibu na leo imefunga kwa dola 27. Kijana anafungua simu anakuta `Margin Call` na kiasi. Hebu tuone kiasi hicho kimetoka wapi.

Thamani ni 200 × 27 = 5,400. Mkopo 4,000. Chake ni 1,400, ambacho ni takriban 25.9%. Dalali anataka 30% ya 5,400, yaani 1,620. Anapungukiwa dola 220.

Njia ya kwanza ni kuleta pesa taslimu, dola 220. Inapunguza mkopo moja kwa moja, na mwito unafutika.

Njia ya pili ni kuleta hisa nyingine zisizodaiwa. Hapa 220 hazitoshi, kwa sababu hisa mpya nazo zinadaiwa 30% yake. Kila dola ya hisa unayoleta inakusaidia kwa senti 70 tu. Kwa hiyo unagawa 220 kwa 0.7, unapata karibu dola 315 za hisa.

Njia ya tatu ni kuuza sehemu ya hisa zilizomo, na hapa ndipo watu hukosea hesabu kabisa. Mtu anafikiri: nimepungukiwa 220, nitauza hisa 9 za dola 27, nimemaliza. La. Kuuza hisa hakukuongezei chochote kilicho chako; kunahamisha tu hisa kuwa malipo ya mkopo. Kinachobadilika ni kwamba thamani inayodaiwa 30% imepungua. Kila dola unayouza inakusaidia kwa senti 30 peke yake. Gawa 220 kwa 0.3, unapata dola 733, na kwa bei ya 27 hizo ni hisa 28. Hisa 27 hazifiki: asilimia ingekuwa 29.97, na mashine haikubali kukaribia. Baada ya kuuza 28 anabaki na hisa 172 zenye thamani ya 4,644, mkopo ni 3,244, chake ni kile kile 1,400, na asilimia ni 30.1.

Tazama jambo moja kuhusu njia zote tatu: zimemrudisha pale pale kwenye mstari, si mbali nao. Aliyeleta dola 220 sasa anadaiwa 3,780, na ukipiga hesabu upya bei yake ya mwito ni 3,780 ÷ 140 = 27 kamili. Kesho hisa ikifungua 26.90, mwito mwingine. Watu huishia kulipa vidogo vidogo mara nne au tano, kila mara wakidhani ndiyo ya mwisho, mpaka jumla imekuwa kubwa kuliko ambavyo wangekubali kuitoa kwa mara moja. Ukiamua kuiokoa hisa, amua kwanza unataka mstari wako ukae wapi, kisha ulete pesa ya kuufikisha huko. Akitaka ushuke mpaka 22, mkopo unatakiwa uwe 22 × 140 = 3,080, kwa hiyo alete dola 920, si 220. Na kama 920 ni nyingi mno kwake, basi jibu ameshalipata: hisa hizi ni nyingi kuliko uwezo wake, auze mwenyewe kwa bei anayoiona kabla hajauziwa.

Mstari unaosogea wenyewe

Bei ya mwito uliyoandika siku ya kwanza haibaki pale. Inasukumwa juu na vitu viwili.

Cha kwanza ni riba. Inahesabiwa kila siku na kwa kawaida inaongezwa kwenye mkopo mwisho wa mwezi. Tuseme ni 10% kwa mwaka, ikigawanywa kwa siku 360 kama wanavyofanya madalali wengi wa Marekani: 4,000 × 0.10 ÷ 360 ni dola 1.11 kwa siku. Inaonekana ndogo. Kwa siku 90 ni dola 100, mkopo umekuwa 4,100, na bei ya mwito imepanda kutoka 28.57 hadi 29.29 bila ya mtu kugusa chochote. Kwa mwaka mzima riba ni dola 400 na kidogo, kwa hiyo hisa zake lazima zipande zaidi ya 10% ndipo aanze kuona faida ya kuwa alikopa. Viwango hutofautiana sana baina ya dalali na dalali, na mkopo mdogo ndio unaotozwa riba kubwa. Kitafute kwenye ukurasa wa ada kabla ya kununua.

Cha pili ni kibaya zaidi: dalali kupandisha kima. Hisa ikianza kuyumba, au kampuni ikikaribia kutoa ripoti, dalali anaweza kuamua kwamba kwa hisa hii sasa anataka 40%. Piga hesabu upya: 4,000 ÷ (200 × 0.60) = 33.33. Jana hisa ilikuwa 33, kijana wetu alikuwa na 39.4% na alilala vizuri. Leo hisa bado ni 33 na ana mwito. Hakuna kilichoshuka. Na kwa kuwa madalali hupandisha kima wakati soko limechafuka, hili humkuta mtu siku ile ile ambayo bei nazo zinashuka. Ndiyo maana tunashauri kwenye jedwali lako uweke safu mbili, moja ya kima cha leo na nyingine ya 40% au 50%, na uishi kwa kuitazama ya pili.

Soko likifunguliwa chini ya mstari

Mpaka sasa tumemfanyia kijana upole: bei imeshuka pole pole. Sasa tuiweke hali inayowaumiza watu kweli. Hisa imefunga dola 30, juu ya mstari. Usiku kampuni inatangaza hasara. Asubuhi ya New York hisa inafungua dola 22. Hakuna bei yoyote baina ya 30 na 22 ambayo mtu aliuza au kununua, imeruka.

Kama alikuwa ameweka agizo la kuuza hisa ikifika 29, agizo hilo linaamka soko likifunguliwa, na linauza kwa bei iliyopo, ambayo ni 22. Agizo la namna hii linalinda dhidi ya mteremko. Dhidi ya mruko halilindi.

Thamani ni 4,400, mkopo 4,000, chake ni 400, yaani 9.1%. Hapa dalali hangoji mtu. Anatakiwa afikishe 30% ya 4,400, ambayo ni 1,320, na upungufu ni 920. Kwa njia ya kuuza: 920 ÷ 0.3 ni dola 3,067, kwa bei ya 22 ni hisa 140. Zinauzwa hisa 140 kati ya 200. Zimebaki 60, zenye thamani ya 1,320, na mkopo wa 920.

Wiki sita baadaye tuseme kampuni imejirekebisha na hisa imerudi dola 40, pale pale aliponunulia. Hisa 60 kwa 40 ni 2,400. Toa mkopo 920, amebaki na dola 1,480 (riba tumeiacha nje). Aliingia na 4,000.

Sasa mweke pembeni yake mwenzake aliyenunua hisa 100 kwa dola zake 4,000 bila kukopa senti. Siku hisa ilipokuwa 22 alikuwa na 2,200 kwenye karatasi, na bila shaka hakufurahi. Iliporudi 40 alikuwa na 4,000 zake. Wote wawili walikuwa sahihi kuhusu kampuni. Mmoja hakuruhusiwa kungoja. Ukiwa na mkopo haitoshi bei ifike mahali fulani mwishoni, kwa sababu njia iliyopita kufika huko ndiyo inayoamua umebaki na hisa ngapi.

Na si mwisho wa ubaya. Kama hisa ingefungua 18, thamani yote ingekuwa 3,600. Dalali angeuza zote 200 na bado kijana angedaiwa dola 400 juu ya zake 4,000 zilizokwisha. Deni hilo ni deni kweli: lina riba, na dalali ana haki ya kulidai. Hata wakubwa haliwakosi. Machi 2021 kampuni ya uwekezaji ya Archegos ya New York ilishindwa kuitikia miito ya mabenki yaliyoikopesha, na mauzo ya lazima yaliyofuata yaliiachia Credit Suisse peke yake hasara ya zaidi ya dola bilioni 5.

Ukiwa Unguja au Pemba

Kuna mambo mawili yanayomfanya mtu wa huku awe na nafasi ndogo ya kuitikia mwito kuliko aliyeko Marekani.

La kwanza ni saa. Soko la New York linafunguliwa saa 10:30 jioni kwa saa zetu na kufungwa saa 5 usiku. Kuanzia Novemba mpaka Machi, wao wakirudisha saa zao nyuma, linakuwa saa 11:30 jioni hadi saa 6 usiku. Mfanyakazi wa hoteli wakati huo ndio kwanza wageni wanarudi ufukweni wanataka chakula. Ikiwa Ramadhani, saa za futari na tarawehe zote ni saa za soko.

La pili, na zito zaidi, ni njia ya pesa. Aliyeko Marekani anahamisha pesa kutoka benki yake siku hiyo hiyo. Pesa inayotoka benki ya Zanzibar kwenda kwa dalali wa nje inapita benki za kati, inakatwa ada njiani, inaweza kusimamishwa ikiulizwa imetoka wapi, na Ijumaa jioni ikikukuta basi ngoja Jumatatu. Mwito wa saa 11 jioni hauitikiwi kwa pesa hiyo. Kwa hiyo kwa mtu wa huku ile njia ya kwanza, ya kuleta taslimu, ipo kwenye karatasi tu, isipokuwa pesa iwe imekwisha kufika kwa dalali kabla. Na pesa iliyomo tayari kwenye akaunti maana yake ni kwamba ungekopa kidogo zaidi tangu mwanzo. Taratibu za kutoa fedha nje nazo ziulize benki yako kabla ya kufungua akaunti, usingoje mpaka una mwito mkononi.

Kiasi gani cha kukopa

Nambari ya `Buying Power` ni upeo wa kisheria, haikupi ushauri. Kwa dola zile zile 4,000 na kima cha 30%, tazama mstari unavyokwenda.

Akikopa 1,000 ananunua hisa 125, na bei ya mwito ni 11.43. Hisa inabidi ishuke 71% kwanza.

Akikopa 2,000 ananunua hisa 150, na bei ya mwito ni 19.05. Mteremko wa 52%.

Akikopa 4,000 ni ile 28.57 tuliyoiona, mteremko wa 29%.

Bei ikipanda hadi 50, wa kwanza anapata faida ya dola 1,250, wa pili 1,500, wa tatu 2,000. Asiyekopa kabisa anapata 1,000. Yaani kutoka mkopo wa 2,000 hadi wa 4,000 anaongeza faida ya dola 500 na kununua hatari ya kufagiliwa na ripoti moja. Yule wa 2,000, siku hisa ilipofungua 22, alikuwa na thamani ya 3,300 na chake 1,300, sawa na 39.4%. Hakuna mwito, na hisa iliporudi 40 alikuwa na 4,000 zake kama asiyekopa. Hata kama dalali angepandisha kima hadi 40% siku hiyo, upungufu wake ungekuwa dola 20.

Kwa hiyo hatua zinakwenda kinyume na watu walivyozoea. Usianze na kiasi unachoweza kukopa. Anza na bei ya chini kabisa unayoona hisa hiyo inaweza kufika katika mwaka mbaya, ukitazama imewahi kushuka kiasi gani huko nyuma. Kima uweke 40% hata kama leo ni 30%. Kisha punguza mkopo kwenye jedwali mpaka bei ya mwito iingie chini ya hiyo. Ukikuta mkopo uliobaki ni dola mia mbili, basi huna haja ya mkopo.

Suala la riba

Msomaji wa Zanzibar atauliza hili, na ajibiwe waziwazi. Mkopo huu una riba, na ndiyo kipato cha dalali. Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jiddah 1992, ilitoa uamuzi kwamba haijuzu kununua hisa kwa mkopo wa riba kutoka kwa dalali au mwingine kwa kuziweka hisa hizo rehani. Kwa anayefuata uamuzi huo mjadala wa asilimia umekwisha hapo. Zipo akaunti zinazotangazwa kuwa za Kiislamu. Ukikutana nayo, tazama kama malipo ya mkopo yameondolewa au yamepewa jina la ada ambayo nayo inakua kwa siku na kwa ukubwa wa deni.

Kuifunga milango ya mkopo

Aliyekwisha kukopa na anataka kutoka, auze hisa za kutosha kulipa mkopo wote pamoja na riba ya mwezi ambayo haijaandikwa. Kwa bei ya 40 hizo ni hisa 100 na moja au mbili juu. Kisha angoje mauzo yakamilike, ambayo Marekani tangu Mei 2024 ni siku moja ya kazi, na atazame `Margin Balance` isome sifuri. Isome tena mwezi ukigeuka, kwa sababu riba ya siku za mwisho huingia baadaye, na salio la dola 3 linaloachwa linaanza kuzaa upya.

Baada ya hapo aombe akaunti ibadilishwe kutoka `Margin` kuwa `Cash`. Kulipa deni bila ya kubadilisha akaunti kunaacha mlango wazi: siku atakaponunua hisa za dola 1,050 akiwa na 1,000, dalali atamkopesha 50 zilizobaki bila kumuuliza.